Usianze Kubadilisha Balbu: Kuikamata Hitilafu ya Kwanza ya Ardhi Kwenye Delta Isiyofungwa Athi

Usiku mmoja, katika kiwanda ambacho sitakitaja, mwendeshaji wa zamu aliona taa nyekundu kwenye paneli imezimika. Zile mbili nyingine, ya njano na ya bluu, ziling'aa kuliko kawaida yake, lakini hilo hakulitilia maanani. Akaenda stoo, akachukua balbu mpya, akabadilisha. Haikuwaka. Akabadilisha tena, kisha akaandika kwenye daftari la zamu kwamba stoo imenunua balbu feki. Alfajiri breka mbili ziliruka kwa mpigo mmoja, na mfuniko wa boksi la kebo kwenye mota mojawapo ukaokotwa hatua kadhaa kutoka mahali pake. Balbu zote zilizotupwa kwenye ndoo ya taka zilikuwa nzima.

Taa ile ilikuwa imefanya kazi yake. Ilikuwa ikisema kwamba fezi nyekundu imegusa ardhi, na kwamba zimebaki saa chache za kutafuta wapi kabla fezi nyingine haijagusa. Mwongozo huu ni wa fundi anayesimama mbele ya paneli ya namna hiyo, na nimeuandika nikifikiria zaidi viwanda vya kusaga mawe na madini vya ukanda wetu wa Namungo, Ruangwa na Nachingwea. Sababu yake ni ya ardhi yenyewe. Ruangwa tuna madini ya kinywe, na vumbi la kinywe linapitisha umeme. Vumbi la mchanga likitua juu ya kihami ni uchafu tu. La kinywe likitua hapo, likapata umande wa asubuhi au rasharasha za masika, linakuwa waya mwembamba uliojichora wenyewe kutoka kwenye fezi hadi kwenye chuma cha mashine.

Mfumo tunaouzungumzia

Umeme unaoingia nyumbani kwako unatoka kwenye transfoma ya TANESCO ambayo upande wake wa volti 400 umefungwa nyota, na katikati ya nyota ile, yaani nyutro, pameunganishwa na ardhi. Waya wa fezi ukigusa chuma kilichofungwa athi, mkondo mkubwa unarudi kwenye nyutro na fyuzi inakatika. Mambo yanaishia hapo.

Kwenye delta koili tatu zimeungana kama pembetatu. Hakuna katikati, hakuna nyutro, na kama hukuongeza kifaa cha kuutengenezea mfumo athi, hakuna pembe yoyote iliyofungwa ardhini. Fezi moja ikigusa chuma, mkondo hauna njia nene ya kurudi. Mota zinaendelea kuzunguka, kwa sababu volti kati ya fezi na fezi haijabadilika hata kidogo. Ndiyo maana wenye viwanda waliupenda mfumo huu: hitilafu ya kwanza haisimamishi kazi. Ubaya wake uko hapohapo, kwa kuwa isiposimamisha kazi hakuna anayeiona, hadi ya pili itokee kwenye fezi tofauti na mkondo wa fezi kwa fezi upite kwenye udongo, kwenye fremu za mashine na kwenye boksi za kebo.

Utasikia watu wakisema mfumo huu “unaelea”. Usemi huo ni sawa nusu. Kila kebo ni kapasita: shaba ndani, kihami katikati, ngao iliyofungwa athi nje. Kwa hiyo fezi zote tatu zimeshikwa na ardhi kupitia kapasita hizo, na kama kebo zinalingana, ardhi inakaa katikati ya pembetatu. Fezi moja ikigusa ardhi, ardhi inahama kutoka katikati na kwenda kwenye pembe. Taa na rilei zinapima kuhama huko, basi.

Transfoma ya kupimia

Tuchukue kiwanda cha mfano, namba zake nimezipanga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Mfumo ni delta ya volti 3,300. Kila fezi, ikipimwa dhidi ya ardhi siku ya afya, ina volti 1,905. Kuna matawi manne: la kuponda mawe, la kinu, la pampu ya maji iliyo mbali bondeni, na la feni kubwa ya kikaushio. Kebo zote zikijumlishwa kila fezi ina mikrofaradi 1 kwenda ardhini: 0.2 za kuponda, 0.2 za kinu, 0.3 za pampu na 0.3 za feni.

Kwenye basibaa unafunga transfoma ya kupimia volti, ya fezi tatu. Upande wa juu umefungwa nyota, na katikati ya nyota hiyo lazima pafungwe athi. Sisemi “lazima” kwa mazoea. Ule waya mmoja ndio unaofanya kila koili ipime fezi dhidi ya ardhi. Ukiondolewa, koili tatu zitapimana zenyewe kwa zenyewe, taa zote zitang'aa sawa mchana na usiku, na fezi inaweza kulala chini bila paneli kujua. Nao huondolewa mara nyingi kuliko unavyodhani: fundi anapopima kihami kwa mega huufungua ili asipime kupitia koili, kisha simu inaita, kisha jua linazama. Kila baada ya matengenezo, mfumo ukiwa umezimwa, umefungiwa na kuhakikishwa kuwa hauna umeme, nenda ukaushike kwa mkono.

Usinunue transfoma yenye chuma cha miguu mitatu kwa kazi hii. Ardhi inapohama, sumaku katika miguu yote mitatu hupanda kwa pamoja na kukosa njia ya kurudi ndani ya chuma. Matokeo ni kipimo cha uongo na joto. Unahitaji chuma cha miguu mitano, au transfoma tatu za fezi moja moja. Soma pia bamba lake. Fezi moja ikiwa chini, zile mbili nzima hupanda kutoka volti 1,905 hadi 3,300 dhidi ya ardhi, yaani mara 1.73. Transfoma iliyokusudiwa mfumo kama huu huandikwa kigezo cha volti 1.9 kwa saa 8. Iliyoandikwa 1.2 peke yake haikutengenezwa kubeba usiku mzima wa hitilafu.

Upande wa chini tunahitaji seti mbili za koili. Seti ya kwanza imefungwa nyota na inatoa volti 63.5 kwa kila fezi siku ya afya, 110 kati ya fezi na fezi. Hii inalisha taa tatu na voltimita. Seti ya pili kila koili inatoa volti 36.7, yaani theluthi ya 110. Hizi zinafungwa mfululizo kama delta, ila pembe moja inaachwa wazi, na kwenye uwazi ule ndipo rilei inapokaa. Siku ya afya volti tatu zinafutana na rilei inaona sifuri, au volti moja hadi tatu kwa sababu hakuna mfumo uliolingana kikamilifu. Fezi ikigusa ardhi moja kwa moja, rilei inaona 110 kamili. Katika kila seti sehemu moja, na moja tu, ifungwe athi kwa usalama wa watu.

Kusoma taa

Weka balbu za nyuzi za volti 110 au 120. Siku ya afya zitawaka hafifu kwa volti 63.5, na ndivyo zinavyotakiwa. Fezi nyekundu ikigusa ardhi moja kwa moja, nyekundu inazimika, njano na bluu zinapata 110 na kuwaka kwa nguvu. Hafifu zote tatu ni afya. Moja imezimika na mbili zimepamba moto ni hitilafu. Moja imezimika na mbili zimebaki hafifu kama zamani ni balbu au fyuzi. Mwendeshaji wa usiku ule angeziangalia zile mbili zilizowaka, asingekwenda stoo.

Siku hizi watu huweka taa za LED kwa sababu hazichoki. Nyingi zina saketi ndani inayoshikilia mwanga uleule kwa volti 50 hata 110. Taa kama hiyo inaonyesha kuwaka na kuzimika tu, na itakuficha hitilafu zote za katikati, ambazo ndizo nyingi. Ukitaka LED, weka na voltimita tatu pembeni.

Kwa maana hitilafu za kwetu mara chache huwa za kugusa moja kwa moja. Huanza kwa vumbi lenye unyevu, kwa ukinzani wa maelfu ya omu. Hapo taa husema jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisoma vibaya.

Asubuhi ya mfano

Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa pili, umande umelala kila mahali. Kengele ya rilei inalia. Unapima kwenye voltimita: nyekundu 57, njano 53, bluu 92. Rilei inaonyesha 49.

Mtu yeyote angesema mgonjwa ni njano, maana ndiyo iliyoshuka zaidi. Sivyo. Mgonjwa ni nyekundu.

Chanzo cha kiini macho hiki ni zile kapasita. Hitilafu ikiwa ya ukinzani, ardhi haihami kwa mstari ulionyooka kuelekea pembe iliyougua. Inazunguka kwa upinde, kwa kuwa mkondo wa kapasita hauendi sambamba na mkondo wa ukinzani. Njiani upinde unaipeleka ardhi karibu na fezi isiyo na hatia, na kuisogeza mbali sana na fezi ya tatu. Kwa hiyo usiitafute iliyoshuka. Itafute iliyopanda zaidi, kisha hesabu mbele fezi moja kwa mpangilio wa mzunguko. Mzunguko ukiwa nyekundu, njano, bluu, na bluu ndiyo imepanda zaidi, inayofuata bluu ni nyekundu. Huyo ndiye mgonjwa. Ikipanda zaidi nyekundu, mgonjwa ni njano. Kanuni hii inategemea mpangilio wa mzunguko, kwa hiyo uhakikishe siku ya kufunga kwa kipima mzunguko, uuandike kwa rangi ndani ya mlango wa paneli. Hitilafu ikiwa ya kugusa moja kwa moja mbili zilizopanda zinalingana na kanuni huihitaji, iliyozimika inatosha.

Namba zile zinatoka kwenye ukinzani wa karibu omu 2,100. Mkondo unaopita pale ni ampea 0.8 tu, na breka ya mota haitaujua kamwe. Lakini ampea 0.8 ikizidishwa kwa yenyewe na kwa omu 2,100 inatoa wati zaidi ya 1,300, joto la pasi ya umeme iliyoachwa juu ya kihami. Anayekuambia hitilafu ya kwanza haina madhara mwulize kama angeacha pasi imewaka juu ya godoro.

Kabla ya kwenda kokote, pima jambo moja: volti kati ya fezi na fezi. Zikiwa zote tatu karibu 110, ni hitilafu ya ardhi kweli. Fyuzi ya upande wa juu wa transfoma ya kupimia ikiungua, nayo hufanya taa moja ififie au izimike na rilei iamke, kwa sababu delta yenye pembe wazi inakosa koili moja na kuonyesha karibu 37. Lakini hapo zile taa mbili hazipandi, zinabaki 63.5, na vipimo viwili vya fezi kwa fezi vinavyohusu fezi ile vinaanguka hadi karibu 63.5. Kipimo cha nusu dakika, nacho kinakuokoa kuzima kiwanda kizima kwa ajili ya fyuzi.

Kutafuta tawi

Sasa tunajua ni ardhi, na ni nyekundu. Hatujui ni wapi. Njia ya kizamani ni kuzima tawi moja moja ukiangalia taa, na katika kiwanda kidogo bado inafaa. Anza na tawi ambalo kuzimwa kwake hakukugharimu kitu. Tangi la maji limejaa, basi anza na pampu. Mmoja asimame mbele ya voltimita na mwingine kwenye breka, mzungumze kwa redio.

Unazima pampu. Rilei haishuki. Inapanda, kutoka 49 hadi 64. Taa nazo zimebadilika: nyekundu imeshuka hadi 52, njano imepanda hadi 59, bluu imefika 100. Hapa vijana hushtuka na kuirudisha pampu haraka, wakidhani wameongeza tatizo. Hakuna kilichoongezeka. Umeondoa tawi zima lenye mikrofaradi 0.3, kapasita zinazoishikilia ardhi katikati zimepungua, na hitilafu ileile sasa inaivuta kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo rilei ikipanda baada ya kuzima tawi, tawi hilo halina kosa. Tazama pia kwamba sasa iliyofifia zaidi ni nyekundu yenyewe, kama kanuni yetu ilivyosema tangu mwanzo.

Unawasha pampu, vipimo vinarudi palepale. Unazima feni ya kikaushio, na papo hapo taa zote tatu zinatulia hafifu, rilei inaonyesha 2. Mgonjwa amepatikana. Usiiwashe tena feni ili “kuhakikisha”. Kila kuwasha kunaipa cheche njia ya kuanza upya, na cheche inayowaka na kuzimika kwenye mfumo usio na athi inaweza kurundika chaji kwenye kebo na kupandisha volti mara kadhaa ya kawaida. Hivyo ndivyo hitilafu ya pili huzaliwa, tena kwenye mota iliyokuwa nzima.

Mwenye fedha za ziada hana haja ya kuzima kitu. Kila tawi linavishwa pete ya kupimia mkondo, kebo yenye fezi zote tatu ikipita ndani yake. Katika mfano wetu, pete ya pampu ingesoma ampea 0.24, mkondo wa kapasita zake yenyewe. Pete ya feni ingesoma 0.56, jumla ya mikondo ya matawi mengine matatu inayorudi kupitia kwenye jeraha. Mkondo wa tawi bovu na wa tawi zima huelekea pande tofauti, na rilei inayosoma volti ya delta wazi pamoja na mkondo wa pete hutambua hilo. Usitegemee ukubwa peke yake: tawi lenye kebo ndefu sana, likiwa zima kabisa, linaweza kusoma mkondo mkubwa likasingiziwa.

Kosa moja la ufungaji linaziua pete hizi kimya kimya. Ngao ya kebo ikipita ndani ya pete na kufungwa athi upande wa pili, mkondo unaorudi kwenye ngao unaufuta ule unaokwenda, pete inasoma pungufu au haisomi chochote. Waya wa athi wa ngao lazima urudishwe kupitia ndani ya pete ndipo ufungwe ardhini. Ukiona pete moja haijawahi kutoa kengele miaka yote, anza na waya huo.

Jeraha lenyewe

Feni imezimwa, breka imevutwa nje, kufuli limepigwa, kibao kimening'inizwa. Pima kwamba hakuna umeme, kisha funga athi ya muda ili kebo itoe chaji. Kapasita tulizozihesabu hazijui kwamba umezima. Fanya hivyo tena baada ya kila kipimo cha mega, maana mega nayo inaijaza kebo. Na kazi hii ni ya mwenye leseni ya EWURA ya daraja linalofaa na ruhusa ya kimaandishi ya kiwanda. Mfumo wa volti 3,300 si mahali pa kujifunzia.

Fungua kwanza boksi la kebo la mota. Kwenye kiwanda cha kinywe, mara nyingi safari inaishia hapo: gasketi ya mfuniko imechoka, vumbi jeusi linalong'aa limeingia, na juu ya kihami cha fezi nyekundu kuna mchoro mwembamba kama mzizi kutoka kwenye tamino hadi kwenye boksi. Futa kwa kitambaa kikavu na kifyonzavumbi. Usipulize kwa kompresa, utalipeleka vumbi ndani ya mota. Kama mchoro umeshaunguza uso wa kihami, kufuta hakutoshi, hata mega ikikupa namba nzuri saa sita mchana. Badilisha kihami, na gasketi pia.

Mchana una hila yake. Hitilafu za umande huondoka zenyewe jua likipanda, mega inasema kila kitu kizuri, na bosi anauliza kwa nini feni imesimama. Hapa kumbukumbu za rilei ndizo shahidi wako. Kama rilei yako inahifadhi saa na tarehe, zisome. Kama haihifadhi, weka jedwali kwenye daftari la zamu lenye safu za volti tatu na ya delta wazi, lisomwe saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana. Ukiona delta wazi inasoma 2 mchana na 9 kila asubuhi, na wiki inayofuata 13, kuna njia inayojichora. Huna haja ya kusubiri kengele.

Kuiseti rilei

Rilei ya kazi hii huandikwa `59N` kwenye michoro. Kuiseti chini kabisa si uhodari, kwa kuwa itapiga kelele kwa kila kutolingana kidogo, na kengele inayolia kila siku watu huifunga kwa karatasi. Pima kwanza mfumo wako ukiwa mzima, uone inasoma ngapi siku ya mvua na siku ya jua. Kama haizidi 3, kuiseti kwenye 15 hadi 20 kwa kuchelewa sekunde 3 hadi 5 kunafaa kiwanda kama cha mfano wetu. Hitilafu ya omu 2,100 ilitoa 49, kwa hiyo tunaiona mapema mno kabla haijawa ya kugusa. Kuchelewa kunazuia kengele za uongo wakati wa kuwasha mota kubwa.

Hakikisha rilei inachuja na kusoma mawimbi ya mizunguko 50 peke yake. Mawimbi ya mara tatu, ya mizunguko 150, hayafutani kwenye delta wazi. Yanajumlishana, na rilei isiyochuja itayaita hitilafu.

Kuna tabia nyingine ya taa ambayo si hitilafu ya ardhi, nayo hutisha. Unawasha basibaa ikiwa haina matawi, kebo fupi tu, na taa zinaanza kuyumba, kupokezana, au zote tatu kung'aa kupita kiasi huku transfoma ya kupimia ikinguruma. Chuma cha transfoma na kapasita chache za kebo vimeingia kwenye mvutano wa mwangwi, na transfoma inaweza kuungua kwa dakika. Dawa yake ni kizuizi cha ukinzani kilichofungwa kwenye delta wazi, sambamba na rilei, chenye omu na wati alizotaja mtengenezaji wa transfoma ile. Ukikuta kizuizi hicho kina joto wakati kengele inalia, usikikate ukidhani kimeharibika. Kimewekwa kupata joto wakati huo.

Kengele tu, au kuzima? Wengi kwenye delta huacha iwe kengele, vinginevyo faida ya mfumo inapotea. Basi weka kikomo na ukiandike: hitilafu isiyopatikana ndani ya saa fulani, kiwanda kinasimama. Kikomo hicho kisizidi zile saa 8 za bamba la transfoma ya kupimia, na kiangalie kebo pia, kwa kuwa nazo zinabeba volti 3,300 dhidi ya ardhi muda wote huo na si kila kebo ilinunuliwa kwa mzigo huo. Mimi ningeandika saa 2 pale ambapo vumbi la kinywe linaonekana kwa macho, na kengele nisingeiacha kwenye chumba cha paneli ambako hakuna mtu. Ningeipeleka kwa mwendeshaji, na chini yake ningebandika karatasi yenye mistari miwili: tazama taa mbili zilizobaki, kisha mpigie fundi.

Kila taa iwe na kitufe cha kuijaribu, kinachoilisha umeme kutoka kwenye chanzo kingine. Zamu mpya ikiingia ibonyeze vitufe vitatu. Taa iliyozimika ikiwaka kwa kitufe, balbu ni nzima, na hapo hakuna tena sababu ya kwenda stoo.